Nairobi wananingoja, na baba ananingoja dukani

*Asalaam alaykum Ami. Mimi ni kijana wa miaka 26, mtu wa Lamu, nyumbani ni Langoni. Nilimaliza dipoloma ya mambo ya ugavi na stoo mwaka jana na juzi nimepata ofa ya kazi Nairobi, kampuni ya kusafirisha mizigo, mshahara 45,000 kwa mwezi, miezi sita ya kwanza ni ya majaribio. Nimepewa siku 14 kujibu na sai zimebaki 9.*

*Sasa shida ni baba. Ana duka la vyakula, la rejareja, tangu mimi sijazaliwa. Sukari imemsumbua sana na mwaka huu kidonda cha mguu kimekataa kupona, hawezi kusimama muda mrefu. Anasema duka ni langu, nije nikae, yeye atakua anakuja kukaa barazani tu. Mauzo ni kama 12,000 kwa siku na daftari la madeni liko karibu 180,000. Kodi ya chumba cha duka ni 8,000. Mama ndie anaejua habari ya ofa, baba sijamwambia. Tuko watoto wanne, mimi ndie mkubwa na wa kiume peke yangu, dada wawili wameolewa na huyu mdogo wa miaka 22 ndie anaeshika duka alasiri baba akilala.*

*Nikienda naona kama nimemtupa mzee. Nikikaa naona kama nimesoma bure. Ami nishauri, usiku silali.*

*Mtoto wa Langoni*

*

Waalaykum salaam mwanangu. Mungu ampe baba shifaa, na huo mguu usiwe unafungwa kitambaa nyumbani tu, kidonda cha mtu wa sukari kiangaliwe hospitali kila wiki, hilo nimelitanguliza kwa sababu duka linaweza kungoja, mguu hauwezi.

Nimeisoma barua yako mara tatu na nitakwambia kilichonikaa. Umenitajia mauzo, hukunitajia faida. Umenitajia deni la daftari kwa jumla, hukuniambia lipi linalipika. Na baba amekwambia "duka ni lako", neno zuri sana la mzazi, lakini mimi nilishaambiwa neno hilohilo Malindi nikiwa na umri kama wako, na nitakueleza lilinifikisha wapi. Kwa hio tusianze na moyo, tuanze na kalamu, moyo utakuja wenyewe baadae ukishajua unachagua kati ya nini na nini.

Anza na hio 45,000, hio si ya mkononi. Kwa makato ya sasa NSSF wanachukua 6 kwa mia, yako ni 2,700, SHIF ni 2.75 kwa mia, karibu 1,240, ile ya nyumba ni 1.5 kwa mia, 675, alafu kodi ya PAYE kwa mshahara huo ni kama 4,500 baada ya kupunguziwa ile 2,400 ya kila mwezi. Kinachofika kwenye simu yako ni 35,900 hivi. Toa chumba cha Nairobi, tuseme 10,000 na maji na stima ndani, toa chakula na nauli ya matatu kila siku, 14,000 ukijibana kweli, unabaki na kama 11,900. Hio ndio Nairobi yako, mwezi ambao hakuna mgonjwa wala harusi. Na kwa sheria ya kazi ya Kenya, ukiwa kwenye majaribio mwajiri anaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 7 tu. Sisemi watakuachisha, nasema lijue hilo kabla hujanunua kitanda.

Sasa duka. Hapa vijana wengi hudanganyika na mauzo, 12,000 kwa siku ni 360,000 kwa mwezi, mtu akiisikia anaona utajiri. Chukua gunia moja la sukari, kilo 50. Tuseme Mombasa umeletewa kwa 6,500. Lori mpaka Mokowe, mashua ya kuvuka, hamali ama punda mpaka mlangoni, weka 350. Limeshakua 6,850, yaani kila kilo imekusimamia 137. Wewe unauza 150. Kwa karatasi una faida ya 13 kwa kilo, 650 gunia zima. Lakini hauuzi gunia zima, unauza robo robo, na mkono wa baba najua hausimamishi mzani palepale, unaongeza punje mbili mtu aridhike, na nyengine inamwagika, na nyengine ni uzito wa gunia lenyewe, kwa hio kilo moja nzima inapotea. Kilo 49 kwa 150 ni 7,350. Toa 6,850, umebaki na 500 tu, na hapo bado mifuko ya khaki. Gunia zima, siku mbili tatu za kupima, 500. Haifiki hata 7 kwa kila mia uliyouza.

Vitu vyengine vina afadhali, sabuni, biskuti, bizari, iliki, majani ya chai, hivyo vinaubeba unga na sukari. Duka la namna hio lililosimamiwa vizuri mimi nalikisia faida ya 11 kwa mia, kwa mauzo yako ni kama 39,600 kwa mwezi. Toa kodi ya chumba 8,000, stima ya friji na taa 3,000, vijana wa kubeba na mlinzi 4,000, leseni ya kaunti ukiigawa kwa miezi na vitu vidogo vidogo 1,000. Imebaki 23,600.

Haijaisha. Jikoni kwenu mchele unatoka wapi? Unatoka dukani. Mafuta, unga wa maandazi, sukari ya chai ya wageni wa baba, vyote vinachukuliwa rafuni na hakuna anaeandika. Nyumba yenu kwa bei ya kununulia sidhani inapungua 12,000 kwa mwezi. Na katika wanaokopa kuna 3,000 kila mwezi ambayo haitorudi, hio niiweke kwa wema tu, kwa maduka mengi ni zaidi. Imebaki 8,600 taslimu.

Sasa umeona? 11,900 kule na 8,600 huku, hazijapishana sana, ila ile ya huku imeshalisha nyumba nzima ndio ikabaki. Lakini pia hio 8,600 si yako! Ni ya baba na mama, dawa za sukari humo, na wewe ukija kukaa ndio unaongeza mdomo na mkono wa pili kwenye bakuli lilelile. Duka hili kwa jinsi lilivyo linaweza kumlipa mtu mmoja, na mtu huyo kwa sasa ni baba.

Hizi ni namba zangu za kukisia, za mtu aliekaa dukani miaka mingi, wewe utaweka zako. Ndio maana nataka uhesabu. Ukihesabu ukakuta kinachobaki taslimu baada ya jikoni ni 25,000 kwenda juu, mazungumzo yanabadilika kabisa, hapo baba anapata chake na wewe unapata cha kuolea. Ikiwa ni chini ya 10,000 kama ninavyoogopa, ukikaa utakua unamsaidia mzee kugawana umaskini, na ndani ya mwaka mtaanza kutazamana vibaya, na nyinyi mnapendana.

Namna ya kuhesabu ni hii. Usiku mmoja baada ya Isha mkifunga, hesabu kila kitu kilicho dukani kwa bei ya KUNUNULIA, si ya kuuzia, anza rafu ya juu kushoto uteremke, kilichoharibika na kilichopitwa na tarehe kiweke kando na ukiandikie sufuri. Hio ndio rasilimali. Alafu siku 30 weka daftari jengine, ukurasa wa kushoto kilichoingia, wa kulia kilichotoka, na kinachokwenda jikoni kiandikwe kama kilichouzwa kwa mama. Mwambie mama mapema asije akadhani unamhesabia kijiko. Siku ya 30 unahesabu rafu tena. Mauzo, toa ulichonunua mwezi huo, ongeza ama punguza tofauti ya rafu, kisha toa kodi ya chumba na gharama nyengine za mwezi, hio ndio faida yenyewe, toa na kilichokwenda jikoni na deni lisilorudi ujue kinachobaki taslimu, hakuna kukisia tena.

Najua una siku 9 na si 30. Waandikie leo hao wa Nairobi, kwa adabu na kwa ufupi, waambie kazi unaitaka kwa moyo lakini baba yako ni mgonjwa na unaomba uanze mwezi mmoja baadae. Kampuni nyingi hukubali, na ikikataa mwezi mmoja wa baba mgonjwa basi hilo nalo ni jibu. Ila usiwafiche, usikubali leo alafu ukapotea.

Sasa lile daftari la madeni, hapa naomba unisikilize sana.

Baba yangu alikua na duka la vyakula karibu na soko, Malindi. Alikua na daftari lenye jalada la buluu, limefungwa kwa kamba ya mpira wa baiskeli, ameandika kwa herufi za Kiarabu kwa sababu skuli ya kizungu hakuiona. Alipofariki nikalifungua nikijua kusoma, nimesoma madrasa mpaka mwisho. Nikaona: "mama wa mlango wa kijani, 1,450". "Yule wa mashua ya ndugu yake Omari, 3,200". "Kijana mrefu, 600". Ukurasa mpaka ukurasa. Nilikaa nikalia si kwa sababu ya pesa, nililia kwa sababu nilijua baba angeuona tu mstari ule angecheka na kuniambia huyo ni fulani, nyumba yake ile pale. Milango ya kijani Malindi ni mingapi? Zaidi ya 90,000 ilizikwa nae.

Kwa hio uende Nairobi ama ukae, daftari lile lisomwe na baba akiwa hai, mstari kwa mstari, wewe ukiandika jina kamili na nambari ya simu pembeni. Na mkisoma ligaweni mafungu matatu. La kwanza ni wale ambao mstari wao wa mwisho ni wa KULIPA, hata kama ni shilingi 50, hao wako hai, deni lao lihesabu lote. La pili ni wavuvi, nyinyi watu wa Lamu mnalijua hili kuliko mimi, kusi likivuma mashua ndogo hazitoki, watu wanakula kwa daftari miezi mizima na kaskazi likiingia wanalipa, huyo usimwandikie kwamba amekushinda mwezi wa saba, mtazame mwezi wa kumi na mbili alilipa ngapi mwaka jana, na wengi wao ndio wateja waaminifu kuliko wenye mishahara. La tatu ni wale ambao mstari wa mwisho ni wa kuchukua, na ni zaidi ya mwaka, na ukiuliza unaambiwa kahama. Hilo fungu andika sufuri, baba akitaka kuwasamehe awasamehe kwa ulimi wake, apate thawabu yake. Mimi sitashangaa ile 180,000 ikibaki 110,000 ya kweli. Mtu akichukua duka huku anaamini ana 180,000 nje, ataagiza mzigo wa mkopo kwa saplaya akitegemea pesa hizo, na hapo ndipo maduka yanapofungwa, kwa wema na si kwa wizi.

Nirudi kwa "duka ni lako". Mimi nilikaa miaka 14. Sikua na mshahara, nilikua nachukua nikihitaji. Nilinunua friji kwa pesa ya shamba nililouza, niliongeza upande wa mchele, duka lilikua mara mbili. Baba alisema mbele za watu duka ni la mwanangu huyu, alisema kweli na nia yake ilikua hio. Hatukuandika. Alipofariki, baada ya kulipa madeni yake na gharama za mazishi, mali ya duka ikahesabiwa 800,000. Mama thumuni, 100,000. Imebaki 700,000, sisi ni wawili wa kiume na dada watatu, wa kiume hisa mbili mbili, wa kike moja moja, hisa saba, kila hisa 100,000. Nikapata 200,000, sawasawa na ndugu yangu aliekua Mombasa miaka yote hio na mshahara wake. Sina kinyongo na ndugu zangu hata mmoja, walichukua haki yao na mgao ulikua wa sheria, kosa lilikua letu mimi na baba. Kwa sababu duka la mtu ni la mtu mpaka alitoe kwa zawadi iliyokabidhiwa kweli ama liwe na mkataba, na neno la barazani halisimami mbele ya warithi. Na wewe una dada watatu na mama, hesabu hio inakungoja.

Ikiwa mtu yeyote atalishika hilo duka, muandikiane. Njia iliyo nyepesi kwa nyinyi ni mudharaba: mali ni ya baba, ile iliyohesabiwa usiku ule, kazi ni ya mshika duka, na faida ya kila mwezi inagawanywa kwa fungu mlilokubaliana, nusu kwa nusu ama vyovyote. Huwezi kuandikiwa kiasi maalum kama 10,000 kila mwezi katika mudharaba, ni fungu tu, kukipatikana kidogo mnagawana kidogo. Hasara ikija bila ya uzembe inaila mali ya baba, na wewe umepoteza jasho lako. Ukitia pesa yako, friji ama mzigo, iandikwe tarehe na kiasi, hapo mmekua washirika wa mali. Na baba akiondoka, mali yake inarithiwa kama kawaida, lakini fungu lako la faida na mali yako uliyotia hakuna atakaekuuliza. Karatasi moja, mashahidi wawili, mkitaka itazamwe na kadhi hapo Lamu. Sio kumshuku mzazi, aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha tuandike deni, na ni aya ndefu kuliko zote katika Kur'ani.

Utamwambiaje baba? Kwanza umwambie habari ya ofa, kabla ya kuhesabu chochote, kesho isipite. Akija kuisikia mtaani umehesabu rafu zake kimyakimya na una barua ya Nairobi mfukoni, ataona unapiga bei urithi wake. Usimwambie dukani mbele ya wateja. Ngoja baada ya Isha, mama awepo, mpe karatasi aione, kisha mwambie: "Baba, kabla sijawapa hawa jibu la mwisho naomba unisomee daftari." Mzee aliesimama miaka yote hio hakuna kitu anachotaka kama mtu wa kumsomea daftari lake. La karatasi na mashahidi usilitie usiku huohuo, mpelekee ami yako ama rafiki yake wa barazani alifungue yeye.

Na kuna mtu umemtaja kwa nusu mstari tu. Dada yako wa miaka 22. Yeye ndie anaelishika duka alasiri zote hizo, anajua nani hukopa na nani hulipa, anajua sukari hufika siku gani, na nina hakika ule mzani anausimamisha palepale. Barua yako yote ni wewe ama baba, kama vile yeye ni kiti. Umeshamuuliza anataka nini? Labda anataka kuolewa ahame, labda anataka kusoma, na labda analitaka hilo duka na hajaulizwa na mtu maishani mwake. Mkataba wa mudharaba hauulizi kama mshika duka ni mwanamume.

Ukinibana niseme mimi ningefanya nini, kwa namba hizi nilizoziona na dada akiwa yuko tayari, ningekwenda Nairobi. Ningemuachia yeye duka kwa karatasi, nusu ya faida yake na nusu ya baba, na ningetuma 5,000 kila mwezi ya dawa na mguu, hio ni ahadi na si ukikumbuka. Kozi yako ya stoo si ya bure hapo, kila mwisho wa mwezi anakupigia picha ya daftari mnalisoma pamoja kwa simu. Dada akikataa, na hesabu ikatoka chini ya 10,000, bado ningekwenda, na duka tungelipunguza liwe dogo la kukaa baba na kijana mmoja wa kuajiri asubuhi. Ningekaa ikiwa tu hesabu imefika hio 25,000 na baba ametia sahihi. Bila sahihi nisingekaa hata kwa 40,000, na nasema hivi mtu aliempenda babake kuliko unavyodhani.

Usiku wa kuhesabu, baba mkalisheni kwenye kiti mguu ameuinua, apewe chai isiyo na sukari. Wewe panda ngazi utaje, dada aandike. Baba atawasahihisha bei, mwacheni awasahihishe. Alafu niandikie ilitoka ngapi.

Ami yako, Malindi